Maneno ya Mshenga Kitabuni

Wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nilikuwa karani wa baraza moja dogo nje ya Handeni, na sidhani kama wilaya nzima ilikuwa na mtu aliyejivunia Kiswahili chake kama mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ulikuwa ugonjwa, niliugua, nikapona kwa taabu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na mwandiko ambao zumbe alipenda kuwaonyesha wageni wake. Zumbe, mtawala wetu wa kienyeji, ndiye aliyekuwa akikata mashauri. Pembeni yake waliketi wazee, na mbele yao nilikaa mimi na meza yangu, chupa ya wino, na kitabu kikubwa cha baraza.

Kitabu kilitakiwa kiandikwe Kiswahili. Hiyo ilikuwa amri, nami sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na watu. Watu waliokuja barazani walisema Kizigua, au Kishambaa kama walitoka upande wa milimani, au Kiswahili, na wengi wao walisema lugha mbili au zote tatu katika pumzi moja, bila kuomba radhi. Mwalimu wangu wa Korogwe alikuwa ametufundisha kwamba mtu anayechanganya lugha hana hata moja. Anaanza na hii, inamwishia, anaazima ile. Nilimwamini mwalimu kabisa. Kila shahidi aliyenijia na mseto wake nilimwona ni mtu mwenye kichwa kilichovurugika, na kazi yangu nikaiona ni kumpanga. Alichosema kwa lugha tatu nilikiandika kwa moja, safi, chenye nukta na mikato. Zumbe akiniita fundi, nilivimba.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao wavurugaji. Alizaliwa Uziguani kwa mama wa milimani, akalelewa karibu na stesheni ya Korogwe, na maneno yake yalivuka huku na huku kama kuku kwenye ua wa jirani. Nilipokuwa nimetoka shule nilimwambia siku moja, "Mama, jaribu kusema lugha moja." Akanitazama akaniuliza, "Kwani wewe ni mtu mmoja tu hapa ndani?" Nilidhani hakunielewa.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Ukoo mmoja wa upande wetu ulitaka binti kutoka Mpale, kule milimani wilaya ya Korogwe. Mwoaji alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili. Mjomba wake ndiye aliyesimamia mambo, naye alimtuma mshenga, mama wa makamo aliyezaliwa Mpale na kuolewa kwetu, ambaye kwa sababu hiyo alikuwa mtu wa nyumba zote mbili. Walikwenda pamoja, mshenga na mjomba, wakakaa na baba wa binti. Baada ya miezi mitatu mjomba alikuja barazani akilalamika kwamba baba alimwahidi binti, na sasa anamficha. Baba naye alisema hakuahidi kitu. Binti, watu walisema, alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba hataki, lakini barazani hakuna aliyemuuliza. Ikithibitika kwamba ahadi ilitolewa, angepelekwa kwa yule bwana baada ya mavuno, atake asitake.

Kwa hiyo kila kitu kilimwelekea mshenga. Yeye tu ndiye aliyekuwapo asiyekuwa wa upande wowote.

Siku aliyotoa ushahidi zumbe hakuwapo, aliitwa bomani. Waliketi wazee wawili kusikiliza, mimi nikaandika. Mshenga alikula kiapo kwa Kiswahili, akavuta khanga yake, akaanza kusimulia. Nitaandika hapa maneno yake yote kwa Kiswahili ili kila msomaji afuate, ila nitasema lilipotoka kila neno, jambo ambalo siku ile sikulifanya.

"Tulifika Mpale jua likiwa juu," alisema kwa Kiswahili. "Tukakaribishwa, tukapewa maji, tukakaa." Kisha kwa Kizigua: "Neno limekwisha. Harusi baada ya mavuno." Kisha kwa Kishambaa, taratibu: "Tumesikia." Kisha akarudi kwenye Kiswahili: "Tukala, tukaondoka."

Hakusema "fulani akasema." Hakutaja mtu. Wazee wawili walitikisa vichwa, wakaguna, wameridhika. Mimi niliona maneno yanaelea hayana mwenyewe, nikafanya nilichozoea kufanya: nikayapanga. Niliandika hivi: *Shahidi anasema walifika Mpale, wakakaribishwa. Wenyeji wakasema neno limekwisha, harusi iwe baada ya mavuno, wamesikia. Wakala, wakaondoka.* Nilipomaliza nilipuliza wino ukauke. Nakumbuka hata nilivyofurahi jinsi sentensi ilivyokaa vizuri.

Zumbe alirudi baada ya wiki mbili. Mshenga alikuwa amekwenda kwao Mpale msibani. Zumbe akasema, "Karani, soma," nikasoma. Mzee mmoja kati ya wale wawili akainua mkono wake akasema si hivyo alivyosikia yeye.

"Ulisikiaje?" zumbe akamuuliza.

Mzee akafikiri. "Nilisikia mjomba akijisemea. Baba wa binti alisikiliza tu."

"Alisema hivyo, kwamba mjomba ndiye aliyesema?"

"Hakusema. Lakini ndivyo alivyosema."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo sijalisahau. Zumbe akanigeukia: "Kitabu ndivyo kilivyo?" Nikajibu kwamba kitabu ndivyo kilivyo, na kwamba siku ile joto lilikuwa kali, labda mzee alisinzia kidogo. Mzee alishusha mkono. Alikuwa na umri wa babu yangu, na kila asubuhi nilimpa shikamoo. Zumbe akahukumu kwamba ahadi ilitolewa.

Jioni ile mama alinipakulia ugali na kisamvu, akabaki ameshika mwiko.  Siku mshenga alipotoa ushahidi, mama alikuwa ameniletea chakula cha mchana, akakaa barazani nje na wanawake wengine, akasikia yote.

"Wamempa yule mtu mtoto wa watu," akasema.

"Baba yake aliahidi, mama."

"Nani kakwambia?"

"Mshenga mwenyewe."

Mama akaweka mwiko chini. "Mshenga alisema mjomba ndiye aliyesema neno limekwisha. Baba akasema tumesikia. Na kule Mpale tumesikia maana yake nendeni, tutawatafuta. Hakuna mtu wa milimani anayetoa jibu la binti siku hiyo hiyo. Hata mimi nilipotakwa, baba yako walimwambia tumesikia mara mbili, akakonda."

"Lakini hakutaja nani alisema!"

"Maneno ya mjomba aliyatoa kwa Kizigua! Unataka amtaje na jina la bibi yake?" Mama alikuwa amekasirika kwelikweli. "Pale palikuwa na Mzigua mmoja tu. Alipoingia kwenye Kizigua, mjomba ndiye aliyefungua mdomo. Alipoingia kwenye Kishambaa, baba. Aliporudi kwenye Kiswahili, yeye mwenyewe. Mtoto mdogo angeelewa. Wewe umesoma wapi?"

Chakula kilinishinda. Nilisema maneno mengi ya kujitetea ambayo sitayarudia, kwa kuwa yalikuwa ya kipumbavu. Nilijua kwamba amesema kweli. Nilijua kwa sababu, alipoyarudia maneno yale kwa lugha zake, niliyasikia kwa mara ya kwanza: kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na sauti yake, na mimi nilikuwa nimewavalisha wote kanzu moja.

Baba wa binti hakukubali hukumu. Alikata rufaa kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, na ikapangwa shauri lisikilizwe Korogwe, wilaya ya binti, baada ya wiki tano. Karani aitwe na kitabu chake. Kwa hiyo nilikuwa na wiki tano za kuogopa, na sikujua la kufanya na hofu ile isipokuwa kusikiliza watu.

Nilikwenda sokoni Handeni nikakaa na daftari, nikajifanya nangoja mtu. Jamani, nilikuwa nimeishi na watu hawa maisha yangu yote! Palikuwa na mama muuza kunde. Mteja mgeni akija alimtajia bei kwa Kiswahili, kavu, na bei haikushuka. Mteja akijibu kwa Kizigua na kumuulizia watoto, naye alihamia Kizigua, na bei ikahama naye. Siku moja mteja mmoja alizidisha ujamaa, akaomba apunguziwe mara ya tatu. Yule mama, aliyekuwa akicheka kwa Kizigua, akamjibu sentensi moja tu kwa Kiswahili, na mteja akafungua pindo la khanga akalipa. Hakuna aliyekasirika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa adabu, na wote wawili walisikia ukifungwa.

Palikuwa na Mhindi mwenye duka la vitambaa. Alisalimia wazee kwa Kizigua, tena kwa lafudhi nzuri, akafanya biashara kwa Kiswahili, na alipotaka kumwambia mkewe asiteremshe doti ile nzuri mpaka mteja aonyeshe nia, alisema Kigujarati bila hata kugeuza shingo. Palikuwa na vijana wawili walioitana kwa Kizigua na kutaniana, mpaka mmoja alipotaka kumwonyesha mwenzake kwamba sasa hatanii, hapo akabadili. Nilianza kuona kwamba watu hawabadili lugha pale wanapokwama. Wanabadili pale ambapo jambo linabadilika: anayeambiwa, anayesemwa, utani ukiwa kweli, ujamaa ukiwa sheria. Na waliobadili zaidi walikuwa wale wenye maneno mengi, waliojua kila lugha mpaka uvunguni. Mtu mwenye Kiswahili kidogo alikuwa akikisema polepole na kubaki humo humo, kama mtu anayevuka mto kwa kamba.

Nikafikiri, basi na mimi nitachanganya. Nilirudi nyumbani nikamsalimia mama kwa sentensi niliyoitengeneza njiani, nikitupia neno la Kizigua hapa na la Kiswahili pale, kama mtu anayetia chumvi. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nani anasema hivyo?" aliuliza. "Hakuna mtu anayesema hivyo!"

"Si ndivyo mnavyochanganya?"

"Sisi hatuchanganyi. Tunasema." Kisha akanionyesha, kwa kurudia sentensi yangu tena na tena, ilipokatika na ilipokataa kukatika. Neno la Kiswahili likiingia katika Kizigua huvaa nguo za Kizigua na kufuata mwendo wa huko. Huwezi kulikata kiuno ukaacha miguu upande wa pili. Hakuwahi kufundishwa hayo na mtu. Alikuwa na sheria kichwani kali kuliko za kitabu changu, na asingeweza kuzitaja hata moja, ila nikikosea alisikia papo hapo.

Siku ya rufaa tulishuka Korogwe kwa lori la mzigo, mimi, zumbe na mjomba wa mwoaji, na mshenga akiwa amekaa nyuma juu ya magunia.  Niliazimia kusema kweli, kisha nikaazimia kunyamaza, kisha kusema. Karani aliyeandika shahidi asichosema alikuwa akifukuzwa kazi, au zaidi ya hapo. Tulipovuka mto Pangani nilikuwa bado sijajua.

Bwana Shauri aliketi kwenye ukumbi wa boma, pembeni yake bwana mdogo wa kizungu aliyekuwa akijifunza kazi. Baba wa binti alikuwapo, mzee mwembamba mwenye kofia iliyofuliwa mara nyingi. Binti alikaa nyuma yake sakafuni. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, na alikuwa akitazama kitabu changu. Nikaona haya.

Bwana Shauri alijua Kiswahili kizuri cha mtihani. Alisoma ukurasa wangu kwa sauti, akamuuliza mshenga kama ndivyo alivyosema.

"Hapana," mshenga akasema.

Mjomba akasimama haraka. Alimweleza Bwana kwamba mama huyu ni mtu mzuri lakini lugha zimemchanganya, si Mshambaa tena na si Mzigua, hajui mwenyewe anasema nini. Ndiyo sababu karani, kijana msomi, alilazimika kumnyoosha. Akanielekezea kidole kwa heshima. Mshenga alinigeukia. Alinitazama tu, bila chuki, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani.

Nikasimama.  "Bwana," nikasema, "neno *wenyeji wakasema* halikutoka kwake. Nililiweka mimi."

Zumbe aliguna kwa mshtuko. Bwana Shauri akaniuliza kwa nini niliweka, nikamweleza: kwamba nilidhani maneno yake hayana mwenyewe, kumbe kila neno lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitajwa kwa lugha. Sikulieleza vizuri. Bwana alikunja uso, akamgeukia bwana mdogo wakasemezana kwa Kiingereza, kisha akanirudia kwa Kiswahili: "Mtu akirukaruka kati ya lugha, nitajuaje kwamba akili yake imetulia?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani woga ukipita kiasi hugeuka. "Bwana, wewe sasa hivi umeruka mara mbili," nikasema, "na sote tumejua lipi lilikuwa letu na lipi lilikuwa la bwana mwenzako."

 Bwana mdogo aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa akificha kicheko. Bwana Shauri akavuta mbele yake kalamu ya risasi ya ofisini, ile yenye rangi nyekundu ncha moja na buluu ncha ya pili, akanitupia. "Aseme tena. Andika lugha zake."

Mshenga akasimulia upya, safari yote, tangu Handeni mpaka Mpale na kurudi. Niliandika Kiswahili kwa wino, Kizigua kwa buluu, Kishambaa kwa nyekundu. Mshenga hakunipa shida: kila alipovuka, alivuka waziwazi, sauti ikibadilika kidogo kabla ya neno. Kwa wino kulikuwa na njia, jua, maji, chakula, nani aliketi wapi. Kwa buluu kulikuwa na haraka ya mjomba. Kwa nyekundu kulikuwa na baba. *Neno limekwisha, harusi baada ya mavuno*, buluu. *Tumesikia*, nyekundu. Na chini yake, maneno ambayo mara ya kwanza hakuulizwa: mjomba, buluu, "Tumesikia nini?" na baba, nyekundu tena, "Tumesikia."

Bwana Shauri alinyoosha kidole akifuata rangi. Mjomba naye alikuwa akiinama juu ya meza, na ghafla akapiga kelele ya furaha.

"Hapa! Bwana, tazama hapa!" Alikuwa ameona mstari mmoja wa buluu karibu na mwanzo. Walipopita Korogwe mjini walinunua khanga kwa Mhindi mwingine, si yule wa Handeni, na mshenga alikuwa ametia maneno ya Mhindi yule kwa Kizigua: *Chukueni hii, huko milimani wanaipenda.* "Yule Mhindi hajui Kizigua hata cha kuombea maji! Wote wa hapa wanamjua. Alituambia kwa Kiswahili. Basi amesema uongo, na kama huu ni uongo, yote ni uongo!"

Ikawa kweli kwamba yule mwenye duka hakujua Kizigua. Watu watatu ukumbini walithibitisha.  Nilikuwa nimekwisha kufyatua risasi yangu pekee, na rangi zangu sasa zilikuwa zikinigeuka. Baba wa binti alivua kofia akaishika magotini.

Bwana Shauri akamuuliza mshenga: "Mhindi alisema kwa lugha gani?"

"Kiswahili," akajibu bila kusita.

"Mbona wewe umesema kwa Kizigua?"

Mshenga alimtazama kama vile mama alivyonitazama mimi. "Bwana, mimi nasimulia kwa Kiswahili. Ningeyatoa maneno ya Mhindi kwa Kiswahili, ungejuaje kwamba si mimi? Alikuwa upande wa akina mjomba, walikuwa wakinunua wao, basi nikamweka na wao. Sikusema alisema Kizigua. Nimesema si mimi niliyesema."

Nilisahau kwamba nina kosa. Nilitaka kupiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimedhani kwamba anarudisha kila lugha kama ilivyotoka, kama kinasa sauti. Kumbe alikuwa akifanya jambo gumu zaidi. Alikuwa ametenga mahali pa kila upande, akampeleka kila msemaji mahali pake, na Kiswahili akakibakiza kiwe chake peke yake ili asilishwe maneno ya mtu. Mshenga huishi kwa hilo. Akibeba neno la mwingine likaonekana lake, amekwisha.

"Na *neno limekwisha*?" Bwana akauliza. "Alilisema mtu wa upande gani?"

"Nimeshasema," akajibu mshenga. Kisha, kwa huruma ya mtu aliyezoea wageni: "Upande wa mjomba, Bwana. Mjomba mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, na nikamwonya kwa jicho."

Bwana Shauri akamgeukia mjomba, akamuuliza moja kwa moja kama ni yeye aliyetamka maneno yale. Mjomba alianza kujibu, akasita, akasema kwamba kwani kuna ubaya gani mtu akisema neno limekwisha na mwenzake asimkatalie? Hapo zumbe mwenyewe alifumba macho. Hata yeye alijua kwamba huko milimani kukataa si kazi ya siku hiyo.

Bwana aliandika kwa muda. Kisha akasema hukumu ya baraza imefutwa, kwamba hakuna ahadi iliyotolewa. Kwangu akasema nitaondolewa Handeni, nipelekwe kwenye kazi ya hesabu za mbegu mpaka nitakapojifunza kuandika nilichosikia. Niliona ni adhabu nyepesi na bado naiona hivyo. Nilimtazama mshenga ili nimwombe radhi, lakini alikuwa akifunga khanga yake, hana haja nami.

Tulidhani yamekwisha. Lakini Bwana Shauri aliweka kalamu chini akamtazama binti, akamwambia asimame. Akamuuliza kwa Kiswahili kile cha mtihani, polepole, kama anataka kuolewa na mtu yule. Wakati huo sote, nami nikiwa wa kwanza, tulitambua kwamba katika miezi yote ile hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa mwenyewe.

"Sitaki, Bwana," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Niliandika kwa wino. Halafu binti aligeuka, akapiga magoti mbele ya baba yake, akaanza kusema kwa Kishambaa. Alisema chinichini, haraka, kwa muda mrefu, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika mguu wa baba. Nilisikia kila neno. Kalamu ya rangi ilikuwa tayari mkononi mwangu, ncha nyekundu ikiwa chini.

Bwana Shauri alisubiri, kisha akaniinamia. "Karani, anasema nini?"

Niliitazama kalamu, nikaiweka mezani.

"Bwana amekwisha kujibiwa," nikasema. "Sasa anasema na baba yake."

Mzungu alinitazama, akamtazama binti, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza tena. Baba akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake, akamjibu kwa Kishambaa, na ukurasa wangu ukabaki mweupe pale.